Kahawa ya papo hapo ya chenga: madonge yanaelea na ladha ni ya kuungua, nakosea wapi?

Mama_Alfajiri
Wakuu, naombeni ushauri. Nilikuwa mtu wa kahawa ya unga laini, mwezi huu nikahamia ya chenga nikiamini ndiyo ile ya kugandishwa. Bado kikombe ni kichungu na kina ladha ya kuungua. Juu yanaelea madonge; nikiyabonyeza na kijiko yanapasuka, ndani unga mkavu kabisa. Naweka vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwenye mililita 200, namimina maji yanayotokota. Au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Kijiko_Kimoja
Maji yanayotokota yanaunguza kahawa. Yaache dakika tatu yapoe, tatizo limekwisha. Na usiwe na shaka, chenga zote ni za kugandishwa. Iliyokaushwa kwa joto ndiyo ile ya unga.

Fundi_Mnara
Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kitengo cha ukaushaji, ngoja niseme kidogo.

Hiyo kahawa ilishapikwa kabla haijafika kwako. Kiwandani kahawa iliyokaangwa na kusagwa hupakiwa kwenye mitungi mirefu iliyounganishwa, maji yanasukumwa kwa shinikizo kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mtungi wenye kahawa iliyochoka ndio hupokea maji makali zaidi, yanaweza kupita digrii 170, ili kukamua kilichobaki. Sasa digrii 100 zako zitaunguza nini tena?

Kinachotoka ni kahawa nzito, na hapo ndipo njia zinapoachana. Njia ya kwanza, inanyunyizwa kama ukungu juu ya mnara wenye hewa ya zaidi ya digrii 200. Tone linakauka ndani ya sekunde chache likiwa bado linashuka, na harufu nyingi inaondoka na mvuke. Njia ya pili, inagandishwa hadi kama digrii 40 chini ya sifuri, inavunjwavunjwa, kisha inaingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa. Barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Kazi ya saa nyingi na umeme mwingi, ila harufu inabaki zaidi.

Kuhusu chenga, hapana. Unga wa mnara hulowanishwa kidogo kwa mvuke ili punje zishikane, ukakaushwa tena, na chenga hizo hapo. Ziangalie kwenye mwanga: za kugandishwa zina kona kali kama kokoto iliyopasuliwa.

Mama_Alfajiri
Nimezipiga picha na simu nikaikuza. Hakuna kona hata moja. Ni vipira vidogo vimeshikana kama mayai ya chura! Na kwenye kopo hawajaandika popote kwamba imegandishwa.

Fundi_Mnara
Basi ni ya mnara. Hawajakudanganya, umejidanganya mwenyewe, pole dada.

Baba_Kopo
Madonge ni unyevu tu. Langu lilishikana lote likawa kama jiwe, sasa nalihifadhi kwenye friji.

Fundi_Mnara
Mzee, yeye anasema madonge ya kikombeni. Lakini hilo la friji liache. Ukilitoa na kulifungua likiwa baridi, hewa ya jikoni inaacha umande ndani, na kahawa hii inanyonya maji kuliko chumvi. Jiwe lako nahisi lilitokana na kijiko kibichi, au kufungua kopo juu ya birika linalofuka.

Ya kikombeni ni hivi: maji ya moto yanalowesha nje ya rundo, nje inakuwa gundi, ndani panabaki pakavu. Weka kahawa kwanza, tia vijiko viwili vya maji baridi, koroga mpaka iwe rojo laini bila chembe, ndipo umimine ya moto. Na punguza kipimo. Gramu 2 zinatosha mililita 200, sawa na kijiko kimoja bapa, wewe unaweka zaidi ya mara mbili. Kama una mizani ndogo pima, maana kijiko cha unga laini hakina uzito sawa na cha chenga.

Mama_Alfajiri
Nimejaribu asubuhi. Madonge hakuna hata moja! Uchungu umeshuka sana. Ile ya kuungua ipo bado, kwa mbali.

Fundi_Mnara
Hiyo ni ya mkaango na aina ya buni, huwezi kuitoa. Punje chache za chumvi, chache kweli, zinaufunika uchungu. Zaidi ya hapo badili kopo.

Kijiko_Kimoja
Na dakika zangu tatu je? Mimi nikisubiri, kikombe kinakuwa kitamu.

Fundi_Mnara
Sikatai kwamba unaionja vizuri zaidi ikipoa. Nakataa neno kuungua.

Shemeji_Mkorofi
Mke wangu aliniwekea vikombe viwili nimefumba macho, cha kugandishwa na cha mnara. Nikachagua cha mnara, mara mbili. Ila kopo la mnara lilikuwa arabika tupu na lile jingine robusta, kwa hiyo sijui nilichagua nini.