Asiye na ovaroli na barakoa azuiwe kupulizia? Mjadala wa sheria ndogo ya kijiji

Mwenyekiti wa Kitongoji, Umalila: Wakulima wenzangu wa viazi, kwenye mkutano wa kijiji imeletwa hoja tutunge sheria ndogo: asiye na ovaroli, barakoa, miwani, glovu na gambuti asipulizie dawa, na akikamatwa atozwe faini. Mimi naiunga mkono, maana vijana wanaugua kila msimu wa ukungu. Mnasemaje?

Mama Pembejeo, Mbalizi: Mwenyekiti, nia yako njema, ila mimi ndiye ninayekaa dukani. Ovaroli ninazo mbili, zimeota vumbi juu ya rafu. Mkipitisha hiyo, watu hawatanunua, wataazimana. Ovaroli moja itazunguka kwa wanaume watano wiki nzima bila kufuliwa. Afadhali mlazimishe barakoa peke yake. Kinachowadhuru ni ile harufu, wanaivuta saa nne mfululizo.

Mlaji wa Soweto, Mbeya Mjini: Sisi tunaokula hizo nyanya je? Juzi nimenunua sokoni zina unga mweupe kabisa. Sheria ianzie hapo.

Mwenyekiti wa Kitongoji, Umalila: Ndugu, hilo ni la siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nalo lina mjadala wake. Hapa tunamzungumzia anayebeba bomba.

Bwana Shamba Mstaafu, Uyole: Mama Pembejeo yuko sahihi kuhusu kuazimana. Kuhusu harufu hapana. Shambani, kwenye uwazi na upepo, dawa nyingi inaingia mwilini kwa kupitia ngozi. Bomba la mgongoni linatoa matone makubwa, machache sana ndiyo yanayofika mapafuni. Yanayobaki yanatua kwenye mikono, mapaja na mgongo.

Nichukue mfano wa profenofosi, dawa ya wadudu, maana wengi wanaichanganya na dawa ya ukungu humo humo. Tuseme kipimo ni mililita 30 kwa bomba la lita 20. Maana yake dawa ya kwenye chupa ni kali mara 667 hivi kuliko ile unayopulizia. Mililita moja ikikumwagikia vidoleni wakati unapima kwa kizibo, ni kama umemwagiwa zaidi ya nusu lita ya mchanganyiko. Na kizibo lazima kimwagike, kwa sababu mtu anakijaza hadi pomoni huku anakishika kwa vidole viwili. Halafu dawa hizi za mafuta zina kiyeyushi ndani yake ambacho kinaisaidia sumu kupenya ngozi. Mara nyingi haiwashi wala haichomi hapo hapo, kwa hiyo mtu anajipangusa kwenye suruali na kuendelea na kazi.

Kwa hiyo kama fedha ni ya kununua kitu kimoja tu, kinunuliwe cha mkono wakati wa kuchanganya, si cha pua. Glovu nene za mpira, zile ndefu za kazi. Zile nyembamba za hospitali kiyeyushi kinazipita upesi. Na kizibo kiachwe: nunua sirinji kubwa bila sindano, andika juu yake SUMU, ikae na dawa, isirudi nyumbani.

Mkulima wa Isyonje: Mimi hupulizia tangu enzi za baba yangu. Maziwa nusu lita kabla, nusu lita baada. Sijawahi kulazwa.

Muuguzi wa Zahanati, Kilolo: Baba, shikamoo. Maziwa yanaenda tumboni, na dawa imekwisha kuingia kwa ngozi iko kwenye damu. Hayakutani. Na mtu akiwa amekunywa dawa yenyewe kwa bahati mbaya, maziwa si tiba, na kumtapisha ni hatari zaidi kwa hizi za mafuta, maana zinaweza kuingia mapafuni. Kinachowaponza wengi ni kwamba akishakunywa maziwa anajiona amejikinga, hanawi.

Ila nimtetee kidogo Mama Pembejeo. Pua nayo ina mahali pake. Unapofungua pakiti ya unga kama mankozebu, vumbi linapanda, hapo barakoa inasaidia. Na vidonge vya kuhifadhia mahindi vinavyotoa gesi ni habari nyingine kabisa: ndani ya chumba kilichofungwa gesi ile inaua kwa kuvutwa, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Msilale nyumba moja na mahindi yaliyowekewa vile.

Bwana Shamba Mstaafu, Uyole: Nakubali, asante. Niongeze tu kwamba kitambaa kinachofungwa mdomoni shambani kinalowa. Baada ya bomba la tatu mtu anabaki amejifunga dawa usoni.

Mama Tumaini, Ilembo: Mimi sipulizii, lakini nguo za mume wangu ndizo ninazofua. Ana sweta moja la kupulizia kwa sababu ya baridi ya huku, linatundikwa jikoni msimu mzima, linafuliwa viazi vikishachimbwa. Nikilifua viganja vinakakamaa na kichwa kinagonga. Na nina mtoto mchanga, nguo zake nafulia beseni hilo hilo. Hii sheria itanigusa mimi wapi?

Bwana Shamba Mstaafu, Uyole: Dada, hapo ndipo sheria ya ovaroli inapokosea. Sweta la sufu linanyonya na kutunza. Kila asubuhi mumeo anapolivaa tena, dawa ya wiki iliyopita inapata joto la mwili na jasho, inaanza kupenya upya hata kabla hajashika bomba. Ovaroli isiyofuliwa itafanya vivyo hivyo.

Sweta alivae ndani, juu avae shati la mikono mirefu la pamba linalofulika siku hiyo hiyo. Beseni liwe la nguo hizo tu. Vaa glovu, suuza kwanza kwa maji mengi bila kuzishika sana, maji hayo yamwagwe shambani mbali na kisima na kijito. Kisha sabuni mara mbili, anika juani. Na zisilale jikoni.

Fundi Mabomba, Ilula: Kamwene wote. Huku kwetu ni nyanya, na mimi natengeneza mabomba ya watu. Mnazungumzia nguo, hamjasema bomba. Katika mabomba yanayoletwa kwangu, mengi yanavuja sehemu tatu: kwenye mfuniko, kwenye kiungo cha mpira na tanki, na kwenye koki ya mkononi. Mfuniko ukikosa mpira wake, kila ukiinama dawa inateremka mgongoni, inapita kiunoni, inaishia kwenye makalio na huko mbele. Nimewahi kufungua bomba la kijana mmoja, mpira wa mfuniko aliubadilisha na kipande cha nailoni ya sukari. Mpira wenyewe ni kitu cha bei ndogo sana.

Namna ya kujua ni rahisi. Kabla ya kuweka dawa, jaza maji matupu, pampu mpaka ikaze, livae juu ya shati kavu, inama kama unapalilia, zunguka dakika chache. Vua, angalia shati. Likiwa na unyevu, hapo hapo ndipo dawa itakapokulowesha. Na nozo ikiziba msiipulize kwa mdomo, tumieni mswaki mkuukuu au bua la nyasi.

Muuguzi wa Zahanati, Kilolo: Huko mbele alikokusema fundi si jambo la kuchekea. Ngozi haipitishi sawa kila mahali. Ilipopimwa kwa sumu iitwayo parathioni, paji la uso lilipitisha karibu mara 4 ya kigasha, na korodani karibu mara 12. Kwa hiyo suruali iliyolowa kwenye mapaja, au mtu kwenda haja ndogo kabla ya kunawa mikono, vina uzito kuliko anavyodhani.

Bwana Shamba Mstaafu, Uyole: Kisa kimoja, maana kinaonyesha haya yote. Kijana kibarua, mashamba matatu kwa siku moja, milimani, asubuhi ya baridi kali. Mchana wakamkuta amekaa kwenye tuta anatoka jasho kama mvua wakati wenzake wamejifunga makoti. Mate yanamtoka, machozi, tumbo linakata, nyama za mkono zinachezacheza, mboni za macho zimekuwa vitone. Wenye shamba walisema ni malaria. Aliyemwokoa ni bibi mmoja aliyegundua shati la mgongoni limelowa na linanuka dawa. Wakamvua kila kitu, wakamwosha kwa sabuni mwili mzima na kichwa, wakambeba na chupa yenye lebo. Kwa sababu ya ile lebo mganga alijua moja kwa moja ampe atropini.

Barakoa alikuwa nayo. Bomba lilivuja kwenye mfuniko, na alichanganya kwa mikono mitupu. Tena kwa wiki mbili kabla alikuwa akilalamika kichwa na macho kufifia. Dawa za kundi la profenofosi zinazima kimeng'enya fulani kwenye mishipa ya fahamu, na mwili unachukua wiki kadhaa kukirudisha. Akirudi shambani kabla hakijarudi, dozi ndogo tu inamwangusha.

Mkulima wa Isyonje: Hicho kichwa na macho hata mimi huwa napata. Sikujua ni hiyo. Lakini maziwa siachi.

Kibarua wa Bomba, Igoma: Nimesoma yote. Mimi ndiye mnayemzungumzia. Bomba si langu, dawa si yangu, nalipwa kwa idadi ya mabomba. Faini mnataka alipe nani? Nikisimama kunawa, kubadilisha shati, kutafuta fundi wa mpira, mwenzangu amekwisha pita na mabomba mawili. Na huko Ruaha Mbuyuni nilikofanya kazi ya vitunguu, ukivaa ovaroli ya plastiki saa sita mchana unaanguka kwa joto kabla ya dawa.

Fundi Mabomba, Ilula: Ni kweli kwa joto. Huko wapulizie alfajiri, na badala ya ovaroli wakate nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, waifunge mgongoni chini ya bomba na nyingine kiunoni hadi magotini. Suruali itokee nje ya gambuti, isiingizwe ndani, la sivyo buti linajaa. Na fimbo ya bomba waielekeze upande unaokwenda upepo, wasiipeperushe mbele kisha wakatembea ndani ya majani mabichi.

Mwenyekiti wa Kitongoji, Umalila: Basi nitabadilisha hoja. Mwenye shamba awe na bomba lililojaribiwa kwa maji, glovu nene za anayechanganya, sirinji ya kupimia, na ndoo ya maji na sabuni pale pale shambani. Ovaroli sitaifuta, nitaiacha iwe hiari.

Mama Pembejeo, Mbalizi: Hapo nakubali, glovu nitaleta. Lakini nani atakwenda kukagua mabomba milimani saa kumi na mbili asubuhi? Mgambo?

Mwenyekiti wa Kitongoji, Umalila: Hilo bado sina jibu.

Kibarua wa Bomba, Igoma: Andikeni basi na hili: bomba likivuja nina haki ya kulikataa, na siku yangu ilipwe. Kama halimo, nitapulizia nalo hivyo hivyo.