Franga 20,000, yuniti 22.5: kashipawa inanila?

MpangajiKatindo
Habari za jioni wakubwa. Nimehamia nyumba mpya hapa Katindo tarehe 3 mwezi wa tatu. Mita ya kashipawa ilikuwa imebakiza yuniti 0.8. Nikanunua umeme wa franga 20,000 kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20, nikapata yuniti 22.5. Jirani yangu, parseli moja lakini mita yake, alinunua 20,000 jioni hiyohiyo akapata 34.5. Tulisimama kwenye ukuta na simu mbili mkononi tukilinganisha, hadi watoto wakaanza kucheka. Fundi wa mtaani anasema mita yangu ni mbovu, nitafute pesa ya kuibadilisha. Nifanye nini?

Ndosho_Kwetu
Kaka, kosa ni kununua kidogokidogo. Kila ukinunua wanakata pesa ya mita. Nunua mara moja kwa mwezi, utaona.

MamaBirere
Hata mimi! Juzi niliingiza namba, mita ikakataa mara tatu, nikalala gizani na samaki wangu kwenye frigo. Kumbe nilisoma 8 nikaandika 3. Jaribu kuandika polepole.

MpangajiKatindo
Asante mama, lakini yangu haikukataa. Ilikubali mara ya kwanza.

FundiHimbi
Usibadilishe mita. Baada ya kuingiza namba ilionyesha ngapi?

MpangajiKatindo
23.3.

FundiHimbi
Basi mita ni nzima: 0.8 na 22.5 ni 23.3. Ndani ya zile tarakimu 20 hakuna franga hata moja, kuna yuniti tu. Mita haijui ulilipa ngapi. Makato yote yanafanyika kule kwenye mashine ya kuuzia, kabla namba haijatoka. Fungua ile meseji, usiishie kwenye namba. Tuandikie mistari ya chini.

MpangajiKatindo
Sikuwahi kuisoma. Iko hivi:

```
MONTANT     20000
REDEVANCE    6000
TVA 16%      2759
ENERGIE     11241
KWH          22.5
```

FundiHimbi
Hapo sasa. Toa kodi ya TVA kwanza: 20,000 gawa kwa 1.16, inabaki 17,241. Wengi wanatoa 16 kwa mia ya 20,000 wanapata 3,200, halafu wanagombana na muuzaji. Kodi imewekwa juu ya bei, ndiyo maana unagawa. Ukiondoa 6,000 ya redevansi, ile pesa ya mita ya kila mwezi, inabaki 11,241. Gawa kwa 22.5, yuniti moja ni kama franga 500. Jirani hakukatwa redevansi kwa sababu alishanunua mwezi huo: 17,241 kwa 500 ni 34.5. Bei yenu ni moja. Tofauti yenu ni yuniti 12, ndiyo hiyo 6,000.

Swali langu: nyumba ilikaa tupu muda gani kabla hujaingia?

MpangajiKatindo
Mwezi wa kwanza na wa pili wote. Mwenye nyumba alikuwa anapaka rangi.

FundiHimbi
Redevansi yenu ni 2,000 kwa mwezi, na inahesabiwa hata kama hakuna anayewasha taa. Ikikaa miezi bila mtu kununua inarundikana, halafu anayenunua wa kwanza anaibeba yote. Wewe umelipa miezi mitatu, na miwili si yako. Ni 4,000, pamoja na kodi yake 4,640.

Na Ndosho, redevansi inakatwa mara moja tu kwa mwezi, katika ununuzi wa kwanza. Ila ukinunulia kwa ajenti wa kibandani anayeongeza 500 yake kila safari, hapo una haki: mara nne ni 2,000, redevansi nyingine nzima.

Ndosho_Kwetu
Mimi ajenti wangu ndiye huyo wa 500. Kumbe.

MpangajiKatindo
Nimejaribu leo kwa 5,000. Nimepata 8.6, redevansi ni 0.

FundiHimbi
4,310 kwa 500. Sawa kabisa. Tarehe 1 ijayo itarudi 2,000, usishtuke.

YayaMajengo
Sisi tuko familia tatu kwenye mita moja. Anayenunua wa kwanza kila mwezi ndiye anaumia, kwa hiyo tarehe 1 kila mtu anajifanya hana pesa, tunakaa giza siku mbili. Sasa tunachanga redevansi mbali, sawa kwa sawa, ndipo kila mtu aongeze yuniti zake. Ugomvi wa pasi ya umeme wa yule wa chumba cha mbele bado haujaisha.

MpangajiKatindo
Nimempelekea mwenye nyumba ile meseji. Anasema aliyeingia ndiye anayetumia mita, na kwenye mkataba hakuna neno la umeme.

MamaBirere
Kata kwenye kodi ya nyumba ya mwezi wa nne!

FundiHimbi
Mama, usimtafutie kijana pa kulala nje. Muombe mgawane, kaka. Na ukihama, piga picha ya mita na ya meseji ya mwisho.

MpangajiKatindo
Amesema nipite Jumapili baada ya misa. Nitawaambia.