Naomba ushauri: muda upi uaminike kwenye kumbukumbu za kazi?

Habari wakuu. Tuna mfumo wa kuhakiki vituo vya maji Chamwino na Kongwa. Mhakiki hulipwa kwa kila kituo. Kila tukio (kupangiwa, kupokea, kukamilisha, kukataliwa) linaandikwa na namba ya kazi, akaunti ya mhusika, simu iliyotumika, hali ya awali, hali mpya na sababu. Hakuna kufuta: kosa hurekebishwa kwa tukio jipya linalotaja la zamani.

Ugomvi uko kwenye muda. Vijijini mtandao hukatika, hivyo kazi iliyokamilika saa 4:10 asubuhi inafika kwenye seva saa 12:40 jioni. Ukitunza muda wa seva peke yake, unamnyima haki aliyewahi. Ukitunza wa simu peke yake, anayerudisha saa nyuma anakushinda. Tunatunza yote miwili, pamoja na namba ya mfululizo ambayo programu huongeza kwa kila tukio. Tukio la 57 likisema 4:10 na la 58 likasema 3:50, saa imeguswa. Namba ikiruka kutoka 58 hadi 60, kuna tukio halijafika au limefichwa.

Kinachotusumbua: programu ikifutwa na kuwekwa upya, mfululizo unaanza 1, na ushahidi unakatika hapo. Je, seva itoe namba mpya ya usajili kila programu inapowekwa, au msimamizi aidhinishe kwanza? Naogopa la pili litachelewesha malipo ya watu waaminifu.