Snusi ya 8 nilikaa nayo saa nzima, hivi vyeupe vya 20 vimenitapisha. Tofauti iko wapi?

Kijana wa Tandika: Wakuu, habari za jioni. Natafuta njia ya kuachana na sigara. Binamu yangu anaishi Uswidi, alikuja likizo na snusi, ile yenye tumbaku ya kahawia ndani. Kopo limeandikwa 8 mg/g na kila kipakiti ni gramu moja. Nilikuwa nakibana chini ya mdomo wa juu saa nzima, freshi tu. Alipoondoka nikanunua Kariakoo kopo la vile vipakiti vyeupe vya nikotini: 20 mg/g, vipakiti 20, uzito 14 g. Nikaweka kimoja asubuhi kwenye daladala, hata chai sijanywa. Kufika Chang'ombe jasho jembamba, kwikwi, mate yamejaa mdomoni. Nikashuka nikatapika. Je, nimeuziwa feki? Si ni snusi ileile, ila nyeupe?

Chuma Chakavu: Pole. Hesabu ni rahisi. Gramu 14 gawa kwa 20 ni 0.7. Zidisha kwa 20 unapata mg 14 kwa kipakiti. Sigara moja inakupa kama mg 1, kwa hiyo umevuta sigara 14 kwa mkupuo. Hata tembo angetapika.

Dada Famasi: Chuma, hesabu ya kwanza uko sawa na wengi huikosea, maana namba ya kwa gramu si namba ya kwa kipakiti. Sigara 14 ndiyo umeteleza. Mg 14 ndizo zilizomo, si zinazoingia mwilini.

Mdogo wangu wa Tandika, kwenye vipimo vilivyofanywa, snusi ya kawaida huachia kama theluthi ya nikotini yake kwa saa moja, nyingine inabaki kwenye tumbaku. Vyeupe havina jani la tumbaku. Ni nyuzi za mmea zilizotiwa nikotini, chumvichumvi na ladha, ndiyo maana huachia zaidi ya nusu. Sasa linganisha: theluthi ya 8 haifiki mg 3, nusu ya 14 ni 7. Na hizo 7 haziingii zote kwenye damu, kwa sababu ukimeza mate, sehemu inapitia tumboni na ini linaivunja kabla haijasambaa. Hayo mate uliyomeza bila chai yamechangia kwikwi na kichefuchefu. Si lazima iwe feki.

Chuma Chakavu: Nimekubali dada. Lakini mbona sigara inakolea papo hapo na hivi vinachelewa?

Dada Famasi: Moshi unapita kwenye mapafu, nikotini yake inafika kichwani kwa sekunde. Fizi ni polepole, kilele huja karibu na saa moja. Hapo ndipo watu wanaponaswa: dakika ya tano anaona kimya, anaongeza cha pili, kisha vyote vinakuja pamoja. Hata ukikitoa, iliyokwishaingia kwenye fizi inaendelea kupanda kidogo.

Binti Mzaramo: Mama yangu ana presha na anatumia ugoro miaka yote. Huu usio na magadi anasema haumkolei. Naweza kumnunulia hivi vyeupe? Bei gani Kariakoo?

Dada Famasi: Usimnunulie, bibie. Nikotini inapandisha mapigo na presha, iwe kwenye ugoro au kwenye kipakiti. Mpeleke kwanza kwa daktari wake. Ila kuhusu magadi mama hajakosea hata kidogo. Nikotini ikiwa kwenye uchachu haipenyi fizi vizuri, na magadi hupunguza uchachu, yaani hupandisha pH. Kwenye pH ya 7 inayoweza kupenya ni kama sehemu moja ya kumi, ikipandishwa hadi 8.5 inakuwa kama robo tatu. Viwandani wanatia kabonati ya sodiamu, kazi ni ileile ya magadi. Ndiyo maana makopo mawili yenye mg sawa yanaweza kukupiga tofauti, na pH haiandikwi kwenye kopo.

Kijana wa Tandika: Kumbe. Halafu mint yake inachoma mpaka machozi, nikadhani huo ndio ukali.

Dada Famasi: Ubaridi wa mint na mwasho wa fizi havikuambii mg. Wala vile vidoti vya ukali vilivyochorwa kwenye kopo. Kila kampuni ina vyake, vinne vya huyu vinaweza kuwa viwili vya yule.

Chuma Chakavu: Basi ashuke hadi mg 3 au 4 kwa kipakiti, baada ya kula, mate ateme. Angalau havina moshi.

Dada Famasi: Kama ameamua kuvitumia, heri hivyo kuliko 14. Ila kijana, uraibu wa nikotini unabaki palepale. Mimi ningeulizia kwanza bigijii au plasta za nikotini za famasi, dozi yake inajulikana. Hilo kopo kama una watoto nyumbani liweke juu kabisa, hata vilivyotumika bado vina nikotini ya kumdhuru mtoto.

Kijana wa Tandika: Plasta nimewahi kusikia bei yake, tutaongea mwisho wa mwezi. Kopo nimelirudisha dukani, jamaa amegoma kurudisha hela, anasema “si umeonja?”