Je, kila hasira ina hofu au uchungu chini yake?

Mleta hoja: Washauri wengi hutuambia kwamba hasira ni kifuniko tu cha uchungu au hofu. Je, ni kweli kwa kila hasira? Na mtu anaponifokea, nitajuaje kilichomo ndani mwake bila kumbunia?

Mzazi wa vijana: Ni kweli kabisa, nami nina ushahidi. Binti yangu wa miaka 15 alipaswa kurudi saa 12 jioni. Hadi saa 3 usiku hakuwa amefika na simu yake ilikuwa imezimwa, nami nikawa nafikiria ajali na mengine mabaya zaidi. Alipoingia salama, nilimfokea kwamba hanijali na hajawahi kunijali. Hasira yote ile ilikuwa hofu, kwa hiyo hakuna hasira isiyo na hofu.

Mshauri wa familia: Ndugu yangu, kisa chako kinafaa, ila hitimisho limekizidi. Kwa saa tatu ulikuwa na hofu, na hofu ya namna hiyo humwacha mtu hana la kufanya. Binti alipoingia, hatari ilikwisha, lakini moyo ulikuwa bado unadunda na misuli imekaza, na sasa alikuwapo mtu wa kuelekezewa nguvu hizo. Alama iko katika maneno yako. Kosa lilikuwa kuchelewa usiku mmoja, ila shtaka likawa la maisha yake yote. Shtaka linapopanuka kuliko kosa, na mtu anazidi kuwaka kadiri anavyosema badala ya kupata nafuu, mimi hushuku kwamba kuna jambo jingine lililotangulia.

Hata hivyo, Leslie Greenberg, aliyejenga tiba inayolenga hisia, hakusema kwamba kila hasira ni ya pili. Hutenganisha hasira inayozaliwa moja kwa moja mtu anapodhulumiwa na ile inayokuja kufunika hisia iliyotangulia, na huongeza aina ya tatu, inayotumiwa kumtawala mwingine. Mwanasaikolojia Paul Ekman naye aliiweka hasira miongoni mwa hisia sita za msingi. Hasira ya moja kwa moja huwa na dai linaloeleweka, kama vile “acha” au “nirudishie”, na dai likitimizwa kwa kawaida hutulia.

Mfanyakazi wa zamu: Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Nilipodai malipo ya saa za ziada nilizofanya, msimamizi aliniambia kwamba chini ya hasira yangu kuna hofu ya kutothaminiwa. Hofu haikuwapo, fedha ndizo ambazo hazikuwapo. Msamiati huu unawapa wenye mamlaka njia ya kumjadili mlalamikaji na kuliacha lalamiko.

Mshauri wa familia: Nakubaliana nawe bila kusita. Dai hujibiwa kwanza kama dai. Hata pale ambapo uchungu upo kweli, kuutaja hakulipi deni.

Mpenda amani: Kwa nini tusiwafundishe watu kuvuta pumzi na kunyamaza mpaka hasira iishe?

Mshauri wa familia: Pumzi hutuliza mwili, nalo ni jambo jema, lakini aliyeleta hoja anauliza namna ya kuisoma hasira. Katikati ya kufoka usimuulize mtu anaogopa nini, maana atasikia kwamba unamdharau. Subiri sauti ishuke, kisha uliza kuhusu dakika iliyotangulia: “Kabla sijaingia, ulikuwa unawaza nini?” Ukikisia, sema wazi kwamba unakisia, naye akikataa, ukubali. Ukigusa penyewe, mara nyingi sentensi zake hufupika na mashtaka hugeuka kuwa habari zake mwenyewe: “Nilidhani umekufa.” Machozi peke yake hayathibitishi kitu, kwa kuwa wapo wanaolia ilhali kilichomo ndani ni hasira waliyokatazwa kuionyesha.

Mke mwenye swali: Mume wangu huvunja vyombo, na nimeshauriwa niutafute uchungu wa utoto wake. Nimeutafuta, na upo kweli. Vyombo vinaendelea kuvunjika.

Mshauri wa familia: Dada yangu, kazi hiyo haikuwa yako. Usomaji ninaouzungumzia unahitaji watu wawili ambao hakuna anayemwogopa mwenzake. Mahali palipo na vitisho, usalama wako hutangulia, na uchungu wake aupeleke kwa mtu mwingine wa kumsaidia.

Msomaji wa saikolojia: Mimi bado sijaridhika. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Leonard Berkowitz alihoji kwamba hali yoyote ya karaha, hata maumivu ya mwili au joto kali, yaweza kuamsha hasira. Mwenye jino linalouma anapomkaripia mtoto, ni uchungu gani wa moyo tunaoutafuta?

Mshauri wa familia: Katika kisa hicho sitafuti wowote, namuuliza kama amekunywa dawa. Lakini mtu anapokuwa na jino linalouma na pia ameachwa peke yake na mtoto usiku kucha, sijui njia ya uhakika ya kutenganisha mawili hayo, na sidhani kwamba yeye mwenyewe anaijua.