Mrejesho: kitufe cha kalamu kuchanganya Photoshop na Krita

Niliuliza: "Kitufe cha chini cha kalamu ya tableti ni Alt kwenye Photoshop, Ctrl kwenye Krita. Mbona tangu juzi Photoshop nayo inapokea Ctrl?"

Limeisha, wakuu. Photoshop mpya ilijiweka kwenye folda nyingine, dreva ya tableti ikabaki inaitafuta Photoshop.exe ya zamani. Programu isiyoitambua huipa mpangilio wa jumla, na huko ndiko nilikoweka Ctrl (uvivu wangu). Nimeiongeza Photoshop upya kwenye orodha ya programu ya dreva, kitufe nikakirudishia Alt. Kujaribu, nikashika zana ya muhuri wa kunakili ya Photoshop: nikibonyeza kitufe, alama ya shabaha inatokea, nikagusa ngozi safi kwenye picha, nikafunika chunusi. Vitufe vya pembeni vya tableti navyo vilirudi kwenye vya jumla, nimevipanga upya kimoja kimoja.