Nimeuza gari, faini bado zinakuja kwa jina langu. Nianzie wapi?

Kipepeo22: Wakuu, naombeni ushauri. Niliuza gari tarehe 3 mwezi uliopita. Pesa nilipata yote, nikakabidhi kadi pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki. Nilisaini upande wangu, wa mnunuzi ukabaki wazi, akasema atajaza mwenyewe. Sasa zimekuja faini mbili za kamera, ya tarehe 3 na ya tarehe 9. Mkataba ninao.

Fundi Spana: Kama mkataba upo umemaliza. Achana na hizo barua, zimfuate mwenye gari.

BiDaftari: Asiziache. Mkataba ni kati yake na mnunuzi. Kamera inasoma namba za gari, na jina linalotoka ni lile lililo kwenye daftari la usajili. Kipepeo, hiyo fomu iliyo wazi inanitia wasiwasi. Dalali huiweka hivyo hivyo hadi ampate mteja wake, jina lake lisiingie popote. Usimngoje. Peleka mwenyewe taarifa ya mauzo kwa msajili: namba za gari, namba ya chesisi, jina kamili la mnunuzi, kitambulisho na anwani yake, tarehe na saa ya makabidhiano. Ondoka na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Chesisi nakili kwa makini. Ikiwa ni ile ya herufi na tarakimu 17, haina I, O wala Q, kwa hiyo unachoona kama O ni sifuri. Ukikosea moja, taarifa yako haitaonekana kwenye gari hilo.

Kipepeo22: Kadi anayo yeye. Chesisi nitaitoa wapi?

BiDaftari: Kwenye karatasi ya bima.

Mama Pikipiki: Mimi niliuza pikipiki, bima ilikuwa na miezi minne. Pesa inarudi?

BiDaftari: Hiyo ulizia kwa kampuni yako ya bima, dada. Hapa tunazungumzia usajili.

Kipepeo22: Faini ya tarehe 3 inasema 15:20. Mkataba umeandika "saa 10" tu.

BiDaftari: Mlikabidhiana jioni?

Kipepeo22: Ndiyo, jioni.

BiDaftari: Basi ni 16:00, na faini ni ya saa 9 na dakika 20 alasiri. Hiyo ni yako, ilipe. Mkataba ungeandika "16:00", kwa sababu "saa 10" mwingine ataisoma asubuhi. Ya tarehe 9 usiilipe kwanza. Sehemu nyingi kulipa ni kukubali kosa. Weka pingamizi kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua, uambatishe mkataba na nakala ya taarifa.

Fundi Spana: Lakini taarifa anaipeleka leo, kosa ni la tarehe 9. Itamsaidia?

BiDaftari: Inategemea sheria ya mahali alipo. Kuna wanaohesabu tangu siku ya mauzo, kuna wanaohesabu tangu siku muhuri ulipogongwa. Aulize hapo hapo dirishani, kabla hajaandika pingamizi.